Baridi ndiyo iliyoniharibia chanjo, wala si joto

Kwa anayeishi Dar es Salaam au Tabora, hofu ya chanjo ni jua. Gesi ikiisha, umeme ukikatika, friji ikapata joto, basi. Nami nilifundishwa hivyo chuoni, na nilipopangiwa zahanati juu kabisa mkoani Njombe, ambako asubuhi ya Juni maji ya kwenye ndoo yanashika ngozi ya barafu, nilishukuru Mungu. Nikajisemea huku chanjo zangu haziwezi kuharibika, maana nje penyewe ni friji. Ilinichukua miezi tisa kujua kwamba mawazo hayo ndiyo yaliyoniponza.

Ilikuwa Julai 2019. Zahanati yetu ilikuwa na friji ya gesi, ile ya kufunguka kwa juu kama sanduku, yenye vikapu viwili, kimoja juu ya kingine. Mimi ndiye niliyekuwa nashika chanjo. Kazi ya kila siku ilikuwa kusoma joto asubuhi na jioni na kuandika kwenye chati iliyobandikwa ukutani. Tulikuwa na kipimajoto cha mshale kilichoning'inizwa kwenye kikapu cha juu, karibu na mfuniko. Mwezi mmoja kabla ya haya, mratibu wa chanjo wa wilaya alikuwa ametuletea kirekodi kidogo cha kidijitali, kile kinachohifadhi kumbukumbu za joto za siku 30. Alikiweka mwenyewe kwenye kikapu cha chini, katikati ya vichupa vya penta, ile chanjo ya magonjwa matano kwa sindano moja, akasema, "Kisitoke hapa." Akanionyesha alama ya tiki na alama ya X, akaondoka, kwa kuwa alikuwa na zahanati nyingine nne za kufika siku hiyo.

Hapa niseme ukweli ambao barua yangu ya kujieleza haikuwa nao wote. Kipimajoto cha mshale kilikuwa kinasoma 4 karibu kila asubuhi, na mkono wangu ukazoea kuandika 4. Jumamosi na Jumapili mara nyingine sikufika kabisa. Jumatatu najaza nafasi zote tatu kwa mkupuo mmoja. Kile kirekodi nilikuwa nachungulia tu kama kuna tiki. Tiki ikiwepo, nafunga mfuniko.

Jumatatu hiyo nilifika saa 2 asubuhi. Usiku ulikuwa mkali. Majani ya viazi kwenye bustani ya mlinzi yalikuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na sakitu bado ilikuwa nyeupe upande wa kivulini. Nikafungua friji. Mshale unasoma 3. Kirekodi kina X.

Nikabonyeza kitufe cha kusomea. Kiwango cha chini kabisa cha usiku huo kilikuwa nyuzi 2.6 chini ya sifuri, na muda uliokaa chini ya kikomo cha baridi ulikuwa saa 3 na dakika 40.

Nini kilifuata? Nilifanya kosa ambalo nadhani wengi wangelifanya. Nikachukua kichupa kimoja cha penta, nikaangalia kiashiria chake. Kwa wasiokifahamu, hicho ni kile kiduara kilichobandikwa kwenye kichupa chenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaumizwa na joto. Mraba unavyozidi kupata rangi ndivyo joto linavyozidi kuila, na siku mraba ukifanana rangi na duara, kichupa hicho hakitumiki tena. Mraba wangu ulikuwa mweupe pe. Nikapumua. Nikaona kumbe kirekodi kimekosea, au kimeshtuliwa na baridi ya usiku tu. Nje kulikuwa na akina mama wameshapanga foleni, watoto wamefungwa mablanketi mawili mawili.

Nikaanza kuchanja.

Mtoto wa tisa alikuwa na wiki kumi. Nilipoinua kichupa cha penta kuvuta dozi, mwanga wa dirishani ukapita ndani yake, nikaona chembechembe zimekaa chini. Penta ni ya maziwamaziwa, lazima uitikise kabla ya kuvuta, na ukiitikisa inachanganyika ikawa sawasawa. Hii niliitikisa, chembe zikapanda, zikazunguka, halafu zikaanza kushuka tena nikiwa bado nimeshika. Nikakiweka chini. Nikafungua boksi la maji ya kuchanganyia surua-rubela: ampuli moja ilikuwa na ufa kuanzia shingoni. Maji yakiganda yanatanuka, na kioo hakina pa kwenda.

Nikamwomba mama yule asubiri. Nikatoka nje, nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya choo ambako ndiko simu ilikoshika mtandao, nikampigia mratibu.

"Umechanja wangapi?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Wanane."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sikiliza dada yangu. Usitumie chochote. Na usitupe chochote. Vyote weka kwenye mfuko, andika USITUMIE, rudisha kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Nakuja."

Hilo la usitupe lilinisaidia sana, kwa sababu mkono ulikuwa tayari kwenye ndoo ya taka. Chanjo iliyoshukiwa si chanjo iliyokufa. Ukiitupa kwa woga huenda umetupa nzima, na zaidi ya hapo umetupa ushahidi wa kilichotokea. Ukiiacha mezani wakati mnaamua, joto litamalizia kazi ambayo baridi haikumaliza.

Alifika saa 8 mchana na pikipiki, kasha la baridi limefungwa nyuma. Hakuanza na vichupa. Alianza na kirekodi. Akabonyeza kurudi nyuma siku moja moja, nami nimesimama pembeni kama mwanafunzi aliyekamatwa na majibu. Usiku wa Jumamosi: 0.2. Ijumaa: 0.7. Alhamisi: 0.4. Jumatano: 0.9. Wiki nzima, kila usiku, friji ilikuwa chini ya 2, na kila asubuhi mimi niliona tiki nikafunga mfuniko.

"Lakini kilikuwa na tiki," nikasema.

Akanieleza jambo ambalo nadhani ndilo muhimu kuliko yote humu, na nitalieleza taratibu kama alivyonieleza mimi. Kirekodi kile hakipigi X kwa sababu tu joto limeshuka chini ya 2. Kinapiga X joto likifika nyuzi 0.5 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo, likakaa hivyo kwa dakika 60. Upande wa juu kinapiga X likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo. Yaani X maana yake ni kwamba madhara yanawezekana kuwa yametokea. Tiki maana yake ni kwamba bado hayajafika huko. Tiki haisemi kwamba ulikuwa kati ya 2 na 8. Hilo ni lazima ulisome mwenyewe kwenye tarakimu.

Nikamuuliza, kama chanjo inaganda chini ya sifuri, kwa nini basi tunaambiwa 2? Si tungeambiwa 0?

Akashika kipimajoto changu cha mshale. "Hiki kinaning'inia wapi?" Juu, karibu na mfuniko. "Na penta ziko wapi?" Chini. Kwenye friji ya sanduku baridi inakaa chini, hewa ya juu ni vuguvugu kuliko ya chini, na kila ukifungua mfuniko juu ndiko kunakopata joto kwanza. Mshale wangu ulikuwa unaniambia habari za ghorofani huku wapangaji wa chini wanaganda. Halafu kipimajoto chenyewe kinaweza kukosea nusu nyuzi. Halafu friji haisimami palepale, inapanda na kushuka usiku na mchana. Ukizijumlisha tofauti hizo ndogondogo, ndiyo unapata sababu ya 2. Ni ua uliojengwa mbali kidogo na korongo. Ng'ombe akivuka ua hajaanguka bado, ila mchungaji mwenye akili hasubiri kusikia kishindo. Usiku ule wa 0.9 ulikuwa ng'ombe nje ya ua, na mimi nilikuwa na siku nne za kumrudisha.

Upande wa 8 una tabia tofauti, na ni vizuri kuzitenganisha pande hizi mbili kichwani. Joto linakula chanjo kidogo kidogo na halisahau: saa mbili za leo zinajumlishwa na saa tano za mwezi uliopita, na kiashiria cha kichupa ndicho daftari la deni hilo. Kwa hiyo ukikuta 9 kwa sababu friji ilifunguliwa muda mrefu wakati wa kupanga mzigo mpya, hujapoteza chanjo. Unarekebisha, unaandika, unaangalia viashiria. Baridi haiweki daftari. Inagandisha mara moja na imekwisha, na kiashiria cha kichupa hakiioni kabisa. Chanjo iliyoganda ikayeyuka itakuonyesha mraba mweupe mzuri kuliko zote, kwa kuwa haijapata joto hata siku moja. Nilikuwa nimeuliza swali la baridi kwa kifaa kinachojibu maswali ya joto.

Basi kuganda kunaharibu nini? Penta, chanjo ya nimonia, pepopunda, homa ya ini na ile ya mlango wa kizazi zina chumvi ya aluminiamu ndani, chembe ndogo mno ambazo chanjo imejishika juu yake, na ndizo zinazousaidia mwili kuitambua. Barafu inapojijenga inazisukuma zile chembe, zinagandana kuwa mabonge. Ikiyeyuka, mabonge hayaachani. Mratibu alisema ni kama maziwa yaliyokatika: utatikisa mpaka mkono uume, hayarudi kuwa maziwa. Ya homa ya ini, ambayo imo ndani ya penta, ndiyo nyepesi kuganda kuliko zote. Inaweza kuanza kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, na ndiyo maana kikomo cha kirekodi kimewekwa hapo. Mtoto akichomwa iliyoganda, hapati kinga ya kutegemewa, na pale sindano ilipoingia anaweza kupata uvimbe kuliko kawaida.

Tulipanga vichupa mezani juu ya chupa za maji baridi. Baadhi havikuhitaji mjadala. Surua-rubela na ya kifua kikuu ni unga mkavu, kuganda hakuziumizi. Matone ya polio nayo yanavumilia, hata huko juu wilayani yanahifadhiwa kwenye barafu. Hizo zilibaki, ila maji ya kuchanganyia ya surua-rubela yalitupwa yote na kuagizwa mengine ya kiwanda kilekile, kwa maana maji ya kiwanda hiki hayachanganywi na unga wa kiwanda kile. Penta, ya nimonia na pepopunda ndizo zilizokuwa za kupimwa. Polio ya sindano na rota, ile chanjo ya kuhara, zikawekwa kando, nami nitazirudia.

Kipimo kinaitwa jaribio la kutikisa. Kinahitaji friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri, na sisi hatukuwa nayo, kwa hiyo nilipanda nyuma ya pikipiki hadi stoo ya chanjo ya wilaya. Nikalala kwa shangazi. Nauli ya kurudi kesho yake, vocha na sabuni niliyomnunulia shangazi vilinitoka kama elfu thelathini na tano ya mfukoni, na hakuna fomu ya kudai fedha za mtu aliyeharibu chanjo mwenyewe.

Jioni ile alichukua kichupa kimoja cha penta, bachi ileile, yaani toleo moja, na kiwanda kilekile cha hizo zinazoshukiwa, akakibandika plasta iliyoandikwa IMEGANDISHWA, akakitupa kwenye friza kilale humo. Hicho ni cha kutolewa sadaka. Kazi yake ni kutuonyesha penta iliyoganda inafananaje, ili tusibishane kwa macho. Plasta si urembo. Vichupa vinafanana, na siku moja mtu atakirudisha kwenye friji.

Asubuhi kilikuwa jiwe. Akakiacha kiyeyuke chenyewe, bila maji ya moto wala kukishika mkononi. Kilipoyeyuka chote, akakishika pamoja na kichupa cha penta kilichotoka chini kabisa ya friji yangu, vyote mkono mmoja ili vipate mtikiso sawa, akavitikisa kwa nguvu kwa sekunde kama 15, akaviweka mezani kwa pamoja palipo na mwanga. "Usiguse meza," akaniambia.

Tukakaa. Mwanzoni vyote viwili vilikuwa vyeupe sawasawa. Baada ya dakika chache kile chenye plasta kikaanza kuonyesha mstari juu, maji maangavu kama mchele unapotuama kwenye sufuria ya maji, na ule mstari ukawa unashuka. Mimi nilikuwa natazama cha kwangu. Nacho kikafanya mstari. Haukuwa mbali nyuma ya mwenzake. Dakika ya 15 ilikuwa huwezi kusema kipi ni kipi bila kuangalia plasta.

Hukumu yake haina maneno mengi. Kichupa kinachopimwa kikituama sawa na kilichogandishwa, au upesi zaidi, kimeganda, kinatupwa. Kikituama polepole wazi, au kikibaki cheupe hadi dakika 30, hakijaharibiwa na baridi. Penta ilianguka. Ya nimonia, nayo ilikuwa kikapu cha chini, ilianguka. Pepopunda ilikuwa kikapu cha juu. Tuligandisha kichupa chake na chenyewe, na kile cha kwangu kikasimama cheupe nusu saa nzima huku mwenzake ametuama chini kama unga. Nilitamani kukibusu.

Kila aina ya chanjo na kila bachi ina kichupa chake cha kugandishwa, huwezi kupima nimonia kwa kutazamia penta. Na ukikuta kichupa kimeganda kabisa, barafu tupu ndani, usihangaike na jaribio lolote, hicho kimeshajibu.

Polio ya sindano na rota hazipimwi kwa njia hii, kwa sababu hazina ile aluminiamu, hivyo hata zikiganda hazitatuama. Hapa nilitaka kuleta ubishi: hazijaonyesha kasoro, tuziache. Mratibu akasema kutoonyesha kasoro kwenye kipimo kisichowahusu si ushahidi. Kumbukumbu inasema saa tatu na zaidi chini ya sifuri, zote zilikuwa kikapu cha chini, zinatupwa. Jumla ya penta peke yake ilikuwa vichupa 12 vya dozi kumi kumi. Kile kimoja nilichofungua asubuhi ile nacho kimo.

Kichupa kile ndicho kilichoniuma. Watoto wanane.

Uamuzi wa kuwarudia haukuwa wangu, ulitoka wilayani: dozi zile zihesabiwe kama hazikutolewa, warudiwe mzigo mpya ukifika. Kuwafuata ndiyo ilikuwa kazi yangu. Watano nilimpa mhudumu wa afya wa kijiji akawaita. Watatu walikuwa vitongoji vya bondeni, nikaenda kwa miguu na mhudumu huyo. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu. Mama wa kwanza alinikaribisha jikoni, akanipa kigoda karibu na moto, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo nesi, siku ile mlimchoma mwanangu maji?"

Nikamwambia, si maji, ni dawa iliyoharibika kwa baridi, na haitamkinga. Akafikiri. "Kama kiazi kilichopigwa na sakitu." Ndiyo mama, kama hicho hasa: kwa nje kizima, ukikipika hakiliki. Alikuja wiki iliyofuata, na alikuja na jirani yake. Mama mwingine alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu mumewe alipokuwepo. Mmoja wa watoto alikuwa na uvimbe mgumu pajani uliokaa siku kadhaa. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya kuganda, kwani penta nzima nayo hufanya hivyo wakati mwingine, lakini nililiandika kwenye fomu ya madhara na kulipeleka. Wote wanane walirudiwa.

Sasa friji yenyewe iliharibikiwa nini? Haikuharibika. Oktoba iliyotangulia, kipindi chetu cha jua, nilikuta 9 kwenye mshale, nikaongeza moto wa gesi kwa kuzungusha swichi. Ikashuka hadi 5, nikafurahi, nikasahau. Friji ya gesi ya aina ile haijui majira. Moto ukiuweka mkubwa inaendelea kupooza kwa nguvu ileile, mchana chumba kikiwa na nyuzi 24 na usiku kikiwa na 5. Nguvu iliyofaa Oktoba ikawa kubwa mno Julai. Wengine watasema wao sasa wana friji ya sola, hayawahusu. Nazo zina kibandiko kinachosema zinafanya kazi chumba kikiwa na joto la kuanzia kiasi gani. Chumba kikishuka chini ya hapo, yapo majokofu ambayo hayana namna ya kujipasha. Kisome kibandiko chako kabla ya Juni.

Mratibu alinishusha moto kidogo tu, akanikataza kuugusa tena kabla ya saa 24, kwa sababu friji hizi zinajibu taratibu na ukizungusha kila saa utaikimbiza huku na huko bila kujua iko wapi. Mzigo mpya ulikaa kwenye kasha la baridi kwa siku hiyo ukizungukwa na chupa za maji ya baridi, si za barafu. (Barafu iliyotoka friza moja kwa moja ikiwekwa ubavuni mwa penta inagandisha penta vilevile. Hata siku za kwenda vitongojini, chupa ya barafu unaiacha nje kwanza mpaka ukiitikisa unasikia maji yanacheza ndani.) Penta, nimonia, rota, pepopunda na polio ya sindano zikahamia kikapu cha juu. Surua-rubela, kifua kikuu na matone zikashuka chini. Mimi nilikuwa nimezipanga kwa mpangilio wa duka, mzigo mpya chini na wa zamani juu, bila kujali nani anaogopa baridi. Kirekodi nacho hufuata zile zinazoogopa kuganda, huko huko zilipo.

Mlinzi wetu, mzee mwema, alijitolea kulala na jiko la mkaa chumba cha chanjo ili kiwe na joto. Nilimshukuru nikakataa. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua mtu, na friji ya gesi yenyewe inahitaji hewa ili moto wake uwake vizuri. Tulichofanya ni kuziba kioo kilichovunjika nyuma ya friji, upepo wa usiku ulikuwa unaipiga mgongoni, tukaacha matundu ya juu ya dirisha wazi.

Chati yangu ya Julai 2019 ina mistari ya 4, 4, 4, halafu pengo, halafu tarakimu zinazorukaruka: 3.1, 5.8, 2.4, 6.0. Msimamizi mmoja aliyepita Agosti alidhani friji imeanza kusumbua. Nikamwambia hapana, ndiyo kwanza nimeanza kuisoma. Sasa naandika namba tatu kila asubuhi, ya sasa hivi, ya chini kabisa ya usiku na ya juu kabisa ya jana, na siku nisiyokuwepo naacha nafasi wazi na kuandika kwamba sikuwepo; kirekodi kitaijazia ukweli wake.

Usiku wa tarehe 3 Julai mwaka uliofuata sakitu ilipiga tena. Asubuhi nilikuta tiki, na chini yake 1.4. Nikashusha moto kidogo, nikaandika saa niliyoshusha, nikapandisha kichupa kimoja cha penta ambacho mtu alikuwa amekisahau kikapu cha chini, nikafunga mfuniko hadi kesho yake.